Ratiba hii ya wiki 10 inawezekana kweli?

*"Tunabadilisha mfumo wa mauzo na stoo. Tuna stoo kuu moja na matawi matano. Kampuni inayoleta mfumo imenitumia picha ya ratiba (naiambatanisha) yenye mistari minane, na mstari wa mwisho ni wiki ya 10, siku ya kuanza kutumia mfumo mpya sehemu zote. Orodha yetu ya zamani ina bidhaa kama 4,000. Kwa upande wetu wanaoijua kazi kwa undani ni mkuu wa stoo, mhasibu na mimi. Mkurugenzi anataka niisaini wiki hii. Je, inawezekana kweli?"*

Kwa jinsi ilivyochorwa, hapana. Nimeipanga upya kwa watu mlionao, na hesabu inaniangusha wiki ya 14 kwa stoo kuu pamoja na tawi moja, kisha wiki ya 17 kwa matawi yote. Nitakuonesha hatua kwa hatua nimefikaje hapo, kwa sababu baadhi ya tarakimu nilizotumia ni makadirio yangu. Wewe unaweza kupata zako halisi kwa siku mbili tatu, ukaziweka mahali pa zangu, na jibu likasogea mbele au nyuma.

Kwanza niseme jambo kuhusu picha yenyewe. Watu wengi wakiona chati ya Gantt iliyopangwa vizuri, yenye rangi na wiki zilizonyooka, huamini kwamba nyuma yake kuna hesabu. Pengine ipo, pengine haipo. Picha haiwezi kukuambia. Michoro hii ya mistari ilienea mwanzoni mwa karne ya 20 kupitia Henry Gantt, mhandisi wa Marekani, na kazi yake ni kuonesha kila shughuli inaanza lini na kuisha lini. Haimlazimishi mchoraji kusema kwa nini shughuli hii inaifuata ile, wala ni nani atakayeifanya. Ndiyo maana mwaka 1957 wahandisi wa kampuni za DuPont na Remington Rand walibuni njia ya kupanga kazi kwa kufuata utegemezi wake na kuutafuta mnyororo mrefu kuliko yote, ule unaoamua tarehe ya mwisho. Picha yako haina mshale hata mmoja unaounganisha mstari na mstari. Kwa hiyo hakuna mnyororo unaoonekana, na wiki ya 10 ni mahali tu ambapo mstari wa nane umewekwa.

Basi jambo la kwanza ni kuomba faili lenyewe badala ya picha. Kama lilitengenezwa kwenye Microsoft Project, waombe walitume likiwa na safu za `Predecessors`, `Work` na `Resource Names` zikionekana. Ya kwanza inaonesha kila kazi inaisubiri kazi ipi, ya pili ni saa za kazi halisi, na ya tatu ni majina ya watu. Kama safu hizo ni tupu, umeshapata nusu ya jibu. Kama ratiba ilichorwa kwenye jedwali la kawaida kwa kupaka rangi visanduku, utegemezi haumo mahali popote isipokuwa kichwani mwa aliyechora, na itabidi umkalishe akueleze.

Wakati unasubiri faili, unaweza kuipima picha mwenyewe. Mimi hufanya hivi: nachukua mstari mmoja mmoja na kuuliza, asubuhi kazi hii inapoanza, ni kitu gani lazima kiwe tayari mkononi, na nani amekitoa? Nimeipitia mistari yako minane kwa swali hilo.

Kukusanya mahitaji kumewekwa wiki ya 1 na 2, na kuseti mfumo kunaanza wiki ya 3. Kinachotakiwa mkononi asubuhi ya wiki ya 3 ni waraka wa mahitaji uliokubaliwa. Nani anaukubali? Mkurugenzi wenu, kwa vyovyote, baada ya kuusoma na kubishana na mhasibu kuhusu bei za jumla, punguzo, na nani ana ruhusa ya kurekebisha idadi ya bidhaa stoo. Ratiba imelitengea jambo hili siku sifuri. Mimi nalitengea wiki moja, na hiyo ni kama mkurugenzi hasafiri. Idhini ni kazi kamili, hata kama anayeitoa anatumia saa mbili tu. Siku zinazokatika ni zile za kumsubiri.

Kisha angalia wiki ya 7. Kuhamisha data kumewekwa wiki hiyo, na majaribio yanaanza wiki hiyohiyo. Mtajaribu kwa kitu gani? Mfumo wa stoo usio na bidhaa, bei wala wateja unaweza kujaribiwa vitufe vyake tu. Huwezi kujua kama katoni ya vipande 24 inakatwa sawasawa pale tawi linapouza vipande 5, na hapo ndipo mifumo ya aina hii huharibikia. Majaribio ya maana huanza baada ya data kuingia na mtu kuikagua. Hii ni kazi inayosubiri kazi, na mchoraji ameiweka sambamba kwa sababu wiki zilimwishia.

Jambo lilelile limejirudia wiki ya 8, ambapo majaribio hayajaisha na mafunzo yameshaanza. Mfumo ukikutwa na kasoro katikati ya wiki hiyo, kurasa mlizowafundisha watu Jumatatu zitakuwa zimebadilika kufikia Ijumaa. Zaidi ya hapo, picha ina mstari wa majaribio lakini haina mstari wa kurekebisha yanayogunduliwa na kuyajaribu tena. Ratiba inayotenga muda wa kupima bila muda wa kurekebisha imeshaamua kwamba hakutakuwa na kosa hata moja.

Kuna kazi nyingine ambayo haimo kabisa kwenye picha, nayo ni kuhesabu mali. Siku mnayoanza kutumia mfumo mpya, kila bidhaa lazima iingie na idadi yake ya kuanzia. Idadi hiyo hutoka kwenye hesabu ya mkono, rafu kwa rafu, mauzo yakiwa yamesimama au yakiandikwa pembeni hadi hesabu ifungwe. Kwa maeneo sita hiyo ni kazi ya siku kadhaa na watu wengi, na kwa kawaida hufanywa mwishoni mwa wiki. Mkiikosa, mfumo utaanza na idadi za uongo, na ndani ya siku chache wauzaji watarudi kwenye daftari. Kampuni ya mfumo huiacha kwa urahisi kwa sababu si kazi yao. Ni yenu.

Hapo nimefika kwenye kosa la upande wa pili, ambalo watu huwa hawalitazamii. Wakikagua ratiba, hutafuta tu mistari iliyobanwa sana. Lakini mstari unaweza pia kuwa umesubirishwa bila sababu. Kusafisha data kumeanza wiki ya 4 kwenye picha yako. Kwa nini? Kuondoa bidhaa zilizoandikwa mara mbili, kusahihisha majina na kupanga vipimo hakusubiri mfumo mpya usetiwe. Kunasubiri mkubaliane makundi ya bidhaa tu, jambo ambalo linaweza kuamuliwa wiki ya 1. Kazi hii inaweza kuanza wiki ya 2. Vivyo hivyo vifaa: skana za barkodi na printa za lebo zimewekewa wiki ya 5 na 6, wakati sehemu kubwa ya muda wake ni kusubiri mzigo ufike. Kusubiri hakupunguzwi kwa kuongeza watu. Iombe kampuni ya mfumo orodha ya vifaa ambavyo mfumo wao unavikubali, agizeni wiki ya 2, na mumtake muuzaji aandike tarehe ya kufikisha mzigo. Mkifanya hivyo mstari huo hautawasumbua tena.

Sasa urefu wa mistari. Chukua huohuo wa kusafisha data, maana ndio ulionishtua zaidi. Umepewa wiki tatu. Wiki tatu za nani? Tufanye kila bidhaa inachukua dakika 3 kwa wastani: kusoma jina, kutafuta kama imerudiwa, kuhakikisha kipimo, kuamua kundi. Bidhaa 4,000 kwa dakika 3 ni dakika 12,000, sawa na saa 200. Mtu anayeweza kuamua mambo hayo bila kuuliza ni mkuu wa stoo. Yeye ana kazi yake ya kila siku ya kupokea na kutoa mizigo, hivyo nadhani mnaweza kumpata saa 2 kwa siku, yaani saa 10 kwa wiki. Saa 200 kugawanya kwa 10 ni wiki 20. Hata mngemtoa stoo kabisa akafanya kazi hii peke yake saa 8 kwa siku, ni siku 25 za kazi, wiki tano. Kwa vyovyote wiki tatu haziingii.

Kabla hujaiamini hesabu hiyo, ipime. Mwombe mkuu wa stoo achukue bidhaa 50 zilizochaguliwa ovyo kutoka kwenye orodha, azisafishe kama atakavyofanya siku yenyewe, nawe ushike saa. Usichague zile rahisi za mwanzo wa orodha. Zikimchukua saa mbili na nusu, dakika 3 zangu ni sahihi. Zikimchukua saa nne, tuko pabaya zaidi. Jaribio hili la asubuhi moja lina thamani kuliko mjadala wa wiki nzima kuhusu kama ratiba "inabana" au "haibani".

Kuna namna ya kuirudisha kazi hii ndani ya wiki tatu. Kwanza, tenga bidhaa ambazo hazijauzwa wala kununuliwa kwa miezi 12. Hizo ziachwe kwenye orodha ya zamani kwa kumbukumbu, na ikitokea moja inarudi sokoni, itaingizwa upya siku hiyo. Katika orodha zilizokaa muda mrefu bila kusafishwa, huenda bidhaa zinazoishi zikawa chache kuliko zilizolala. Tuseme zinabaki 1,400. Pili, mpeni karani mmoja kazi ya kuzipitia zote, na mkuu wa stoo aletewe zile zenye utata tu. Karani kwa dakika 3 kila moja ni saa 70, wiki mbili hivi kama anafanya saa 7 kwa siku. Kama bidhaa moja katika kila tano ina utata, mkuu wa stoo anaangalia 280. Kwa dakika 5 kila moja hizo ni kama saa 23, na kwa saa zake 2 za siku anamaliza ndani ya siku 12 za kazi, yaani wiki mbili na nusu. Wiki tatu zimetosha, lakini kwa sababu kuna karani. Karani huyo hayumo kwenye picha, na kama hamjamtafuta bado, mtafuteni leo.

Kuhusu majaribio, picha imetoa wiki mbili. Kwa kazi ambayo huwezi kuhesabu vipande vyake kama bidhaa, huwa naomba makadirio matatu badala ya moja: mambo yakienda vizuri kabisa, mambo yakienda kama kawaida, na mambo yakiharibika. Njia hii ilitumiwa na jeshi la majini la Marekani mwaka 1958 katika mradi wa makombora ya Polaris, na hesabu yake ni nyepesi:

```
(bora + 4 × kawaida + mbaya) / 6
```

Kwa mfumo wa ukubwa wenu mimi ningeweka wiki 2 mambo yakinyooka, wiki 3 kwa kawaida, na wiki 7 kama data ina matatizo na marekebisho yanarudi mara kwa mara. Yaani 2 + 12 + 7 ni 21, kugawanya kwa 6 ni wiki 3.5. Ona kwamba wiki mbili za kwenye picha ni zile za mambo yakinyooka. Ukiwauliza waliotengeneza ratiba makadirio yao matatu kwa kila mstari, utagundua kama wamechukua yale mazuri kila mahali. Kinachonifanya nishuku hivyo hapa ni kwamba wakati wa majaribio hautegemei wao tu. Unategemea ninyi mnapata muda wa kukaa kwenye kompyuta na kujaribu.

Hilo ndilo ninaloliona kuwa tatizo kubwa la ratiba hii, kubwa kuliko mpangilio na kuliko urefu: watu wake hawajaandikwa, na wengi wao ni wa kwenu. Chukua karatasi, andika majina upande wa kushoto na wiki 1 hadi 10 kwa juu. Kisha kwa kila mstari wa picha, jaza saa ambazo kila mtu anatakiwa kuutolea katika wiki husika. Usiandike "timu" wala "mteja". Andika jina.

Nimejaribu kwa mkuu wa stoo kwa kufuata ratiba kama ilivyo. Wiki ya 5 anasafisha data, na kama yuko peke yake, saa 200 zikigawanywa kwa wiki tatu ni saa 67 kwa wiki. Wiki hiyohiyo kampuni inaseti mfumo na itakuwa ikimuuliza maswali: mzigo ukifika pungufu unaandikwaje, bidhaa iliyoharibika inatolewa na nani, uhamisho kwenda tawi unahesabika lini. Weka saa 5 kwa hayo. Ana saa 10. Wiki ya 8 anamalizia kukagua data iliyohamishwa, tuseme saa 4. Anajaribu mfumo, saa 12. Na yuko kwenye mafunzo, saa 8. Jumla saa 24, naye bado ana saa 10. Hakuna mahali kwenye picha panapoonesha hivyo, kwa sababu kila mstari ukiutazama peke yake unaonekana wa kawaida. Ni mtu mmoja aliyewekwa ndani ya mistari mitano kwa siri.

Katika utekelezaji hili haliji kama mgogoro. Huja kama ukimya. Maswali ya kampuni yanakaa bila majibu kwa siku tatu, kisha kampuni inaamua yenyewe ili isisimame, kisha wakati wa majaribio mkuu wa stoo anasema "sisi hatufanyi hivi", na kazi inarudiwa. Ripoti ya kila wiki itaendelea kuonesha asilimia nzuri hadi wiki ya 8. Ukitaka kuliona mapema, hesabu kila Ijumaa maswali ambayo kampuni imeuliza na hayajajibiwa kwa zaidi ya siku mbili. Idadi hiyo ikipanda wiki mbili mfululizo, ratiba imeshateleza hata kama mistari ya kwenye chati bado ni ya kijani.

Fanya hivyohivyo kwa mhasibu, na utazame kalenda yake ya kufunga vitabu. Kama wiki ya 10 inaangukia mwisho wa mwezi, au vibaya zaidi mwisho wa mwaka wa fedha, hatakuwa na saa hata moja. Kisha idai kampuni majina ya upande wao. Ninachotaka kujua ni kama mtu anayeseti mfumo ndiye pia anayehamisha data na ndiye anayefundisha. Kama ni mmoja, wiki za 7 na 8 haziwezekani hata kwao, kwani atakuwa anarekebisha makosa ya majaribio huku akiwa amesimama mbele ya darasa. Uliza pia kama yuko kwenye mradi wenu pekee au anagawanywa na wateja wengine, na siku ngapi kwa wiki.

Mafunzo yana hesabu yake rahisi. Mna maeneo sita. Huwezi kufunga tawi ili wote wafundishwe kwa pamoja, kwa hiyo nusu ya wafanyakazi hufundishwa siku moja na nusu nyingine siku inayofuata. Siku mbili kwa maeneo sita ni siku 12, na wiki mbili zina siku 10 za kazi, bila kuhesabu mwalimu kusafiri kutoka tawi hadi tawi. Kwa mwalimu mmoja haifiki. Kwa walimu wawili inafika vizuri, ila lazima huyo wa pili awepo na aujue mfumo.

Jambo moja zaidi kabla sijaipanga upya. Siku ya kuanza inasubiri mambo matatu kwa pamoja: data iwe safi, vifaa viwe vimefungwa, watu wawe wamefundishwa. Tuseme kila moja lina uwezekano wa asilimia 80 wa kuwa tayari kwa wakati, na tuseme hayaathiriani. Uwezekano wa yote matatu kuwa tayari si asilimia 80, ni 0.8 × 0.8 × 0.8, kama asilimia 51. Asilimia 80 nimeichagua kwa mfano, lakini somo linabaki: pale mistari mitatu inapokutana, tarehe ni dhaifu kuliko kila mstari ulivyo. Ndiyo maana nafasi ya akiba inafaa iwekwe mbele ya makutano hayo, na picha yako haina akiba hata ya siku moja mahali hapo.

Hivi ndivyo ningeipanga mimi. Mahitaji wiki ya 1 na 2, idhini wiki ya 3. Kusafisha data wiki ya 2 hadi ya 4, karani akiwepo, na vifaa viagizwe wiki ya 2. Kuseti mfumo wiki ya 4 hadi ya 7, kukiwa na saa maalumu za mkuu wa stoo kujibu maswali, mfano Jumanne na Alhamisi asubuhi. Kuhamisha data na kuikagua wiki ya 8. Majaribio pamoja na marekebisho yaanze wiki ya 9, nayo kwa zile wiki 3.5 yataishia katikati ya wiki ya 12. Siku zinazobaki ni akiba. Wiki ya 13 mfundishe stoo kuu na tawi moja, siku nne. Mwisho wa wiki hiyo mhesabu mali, na wiki ya 14 maeneo hayo mawili yaanze. Wiki hiyo ya 14 msimfundishe mtu mwingine, kaeni mtazame. Wiki ya 15 na 16 mfundishe matawi manne yaliyobaki, siku nane, mhesabu mali mwisho wa wiki, na wiki ya 17 wote mko ndani.

Mkurugenzi huenda akasema wiki ya 10 haibadiliki. Kama kuna sababu ya kweli, kwa mfano leseni ya mfumo wa zamani inaisha, basi usibishane na tarehe, punguza kinachoingia. Wekeni kupokea mizigo, kutoa na kuuza tu, mkiacha bei maalumu za wateja na ripoti za ziada kwa awamu ya pili. Kuseti kunaweza kushuka hadi wiki mbili, ya 4 na ya 5. Data ihamishwe wiki ya 6, majaribio madogo ya wiki mbili na nusu yaishie katikati ya wiki ya 9, stoo kuu ifundishwe Alhamisi na Ijumaa, mhesabu mwisho wa wiki, na wiki ya 10 stoo kuu peke yake ianze. Inawezekana, bila akiba ya siku hata moja. Gharama yake ni kwamba kwa wiki kadhaa stoo kuu itakuwa kwenye mfumo mpya na matawi kwenye wa zamani, na kila uhamisho wa mzigo utaandikwa mara mbili. Lazima mtu atajwe kwa jina kuwa ndiye mwandishi wa hayo, la sivyo idadi zitapishana tangu siku ya kwanza. Na kama leseni ndiyo sababu, mtahitaji kuiongeza muda kwa matawi, maana hayatakuwa yamehama.

Njia ambayo nakusihi usiikubali ni kubana majaribio ili tarehe ibaki. Nyingine inayopendwa ni kuongeza watu. Kwa kusafisha data na kufundisha inasaidia, kama tulivyoona. Kwa kuseti mfumo na kujibu maswali ya stoo haisaidii sana, kwa sababu mgeni atahitaji kuelezwa kazi na yuleyule mkuu wa stoo asiye na muda. Fred Brooks aliliandika hili mwaka 1975 kuhusu miradi ya programu za kompyuta: ukiongeza watu kwenye mradi uliochelewa, unauchelewesha zaidi.

Kwa wiki hii, usiisaini picha. Ijibu kampuni kwa maandishi kwamba utasaini ratiba yenye utegemezi, majina na saa za watu wa pande zote mbili, na yenye mistari ya idhini, marekebisho na kuhesabu mali. Kampuni makini haitachukia ombi hilo, na jibu lao litakuambia mengi kuhusu watakavyofanya kazi.

Kisha kaeni ana kwa ana nusu siku: wewe, mkuu wa stoo, mhasibu, na mtu wa kampuni atakayeseti mfumo mwenyewe, si aliyeuuza tu. Ile karatasi ya majina na wiki iwekwe mezani. Kuna mambo ambayo mimi siwezi kuyaona kutoka kwenye picha, kama tawi ambalo mtandao wake hukatika au mfanyakazi anayekaribia kwenda likizo ya uzazi, na ninyi mnayajua bila kujua kwamba ni ya ratiba.

Ukiona kwamba ratiba hii itakuwa kiambatisho cha mkataba, yenye malipo yanayofuata wiki au faini ya kuchelewa, usitegemee jibu langu peke yake. Mpelekee mwanasheria mkataba wote, umwulize hasa nani anabeba gharama pale kuchelewa kunapotoka upande wenu, kama data isiyo safi au idhini iliyokawia. Na mtafute mpangaji wa miradi asiye na uhusiano na kampuni hiyo akae nanyi siku moja na faili lenyewe. Kabla ya kumwona, fanya lile jaribio la bidhaa 50, ili uende na tarakimu zako.